Pale pa Kucheza Ndipo Wanaporudisha

Mpiga video wa harusi za Dar es Salaam hufanya kazi usiku na kusikia maoni mchana. Ukumbi ukifungwa saa sita au saa saba, anarudi na kadi zilizojaa picha, anahariri wiki mbili au tatu, anakabidhi fleshi kwa maharusi, kisha anasubiri simu. Ikiita ni mojawapo ya mawili: shukrani, au malalamiko kwamba fulani haonekani. Zaidi ya hapo, kazi yake inaingia majumbani mwa watu na yeye hajui inatazamwaje. Hajui kama walifika mwisho, wala kama waliruka nasaha za wazee au walirudia kukata keki.

Siku hizi familia nyingi zina ndugu walioko mbali ambao fleshi haiwafikii, kwa hiyo video ya harusi hupandishwa YouTube ikiwa imefichwa na linki kutumwa kwenye kundi la familia. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. YouTube humwonyesha mwenye video ni sehemu gani zimetazamwa, zipi zimerukwa na zipi zimerudiwa. Wapiga video wengi hawaufungui ukurasa huo, kwa sababu wanadhani ni wa wenye chaneli kubwa wanaotafuta pesa ya matangazo.

Tumfuate kijana mmoja aliyeufungua. Tumwite Baraka. Yeye na harusi yake ni wa kubuni, pamoja na hesabu za video yake, ila chombo alichokitumia kipo na kinahesabu hivi tunavyoeleza, na ukumbi alioupiga picha ni ule ambao msomaji wa Tanzania ameshaukalia mara nyingi.

Harusi yenyewe ilikuwa ya kawaida ya mjini. Bwana harusi mtu wa Moshi, bibi harusi mtu wa Bukoba, kamati ya watu wazima wenye daftari la michango, matarumbeta barabarani, mshereheshaji asiyechoka. Ukumbini maharusi waliingia kwa kucheza, zikafuata sala, utambulisho, keki, shampeni, ndafu, chakula, nasaha, zawadi, na mwisho muziki wa watu wote. Baraka aliihariri ikawa video ya saa mbili na nusu. Sehemu aliyoipamba kuliko zote ni maharusi wakifungua muziki: mwendo wa taratibu, kamera ya kreni ikishuka kutoka kwenye mapambo ya dari, mwanga wa zambarau. Kwa jicho lake, hiyo ndiyo kazi ya kumtangaza.

Wiki tatu baadaye video ilikuwa imefunguliwa mara 250, nyingi kwa ukoo mmoja. Akaingia YouTube Studio, akafungua video hiyo, akabonyeza Analytics, akashuka hadi kwenye mchoro ulioandikwa Audience retention. Chini ya mchoro kuna urefu wa video kuanzia mwanzo hadi mwisho, na pembeni kuna asilimia. Mstari ukiwa asilimia 50 mahali fulani, maana yake sehemu hiyo imechezwa mara nusu ya idadi ambayo video ilifunguliwa. Mtu akirudisha nyuma na kutazama tena, sehemu ile inahesabiwa tena. Ndiyo maana mstari unaweza kupita asilimia 100, jambo linalowashangaza wengi wanapoliona mara ya kwanza.

Mstari wa Baraka ulianza juu, ukaanguka wakati wa sala na utambulisho, na kwenye nasaha ukalala asilimia 12. Yaani katika mara 250 zile, maneno ya wazee yalichezwa mara 30 tu. Kwenye kuingia ukumbini ulikuwa asilimia 90. Kwenye zawadi, ambazo Dar hazipelekwi kwa kutembea, watu huingia wakicheza kundi kwa kundi, ulipanda hadi 80. Muziki wa mwisho ulifika 120: sehemu hiyo ilichezwa mara 300 katika video iliyofunguliwa mara 250.

Kwa hiyo ndugu walikuwa wanafungua linki, wanaruka, wanafika pale pa kucheza, wanatazama, wanarudisha, wanatazama tena. Sehemu nyingine zote za sherehe walizipita.

Mtu mwepesi angeishia hapo na kuamua kwamba harusi ijayo atapiga picha za kucheza tu. Lakini mchoro ule una udhaifu ambao haujiandiki pembeni. YouTube huigawa video yoyote, fupi au ndefu, katika vipande 100 vilivyo sawa, na kila nukta ya mstari inasimamia kipande kimoja. Video ya dakika mbili inapata nukta kila baada ya sekunde 1.2. Video ya Baraka ya dakika 150 ilipata nukta moja kwa kila dakika moja na nusu. Ndani ya dakika moja na nusu ya muziki, kamera inaweza kuwa imepita kwa maharusi, kwa wazee waliokaa, kwa vijana wanaocheza kwaito kwa mistari, na kwa dijei. Mstari ukipanda hapo, haiwezekani kujua ni kipi kati ya hivyo kilichorudiwa.

Alichofanya Baraka ndicho kinachofaa kuigwa. Alitoa sehemu zote za kucheza, akaziunganisha kwa mpangilio wake wa usiku ule bila kuongeza madoido, zikawa video ya dakika 20, akaituma kwenye kundi lilelile la familia. Dakika 20 ni sekunde 1,200; zikigawanywa kwa 100, kila nukta inasimamia sekunde 12. Sasa aliweza kusogeza kidole kwenye mstari na kujua karibu kabisa ni picha gani iliyokuwa kwenye kioo.

Alichukua karatasi, akachora safu tatu: muda, asilimia, na nani yumo kwenye fremu. Safu ya tatu ndiyo iliyomfungua macho.

Maharusi wakifungua muziki, ile sehemu ya kreni na mwendo wa taratibu, mstari ulishuka. Picha za karibu za viatu na pete, ulishuka. Kitu kilichoupandisha kuliko vyote kilikuwa picha moja ndefu ambayo Baraka mwenyewe aliiona ya kujazia: wakati wa zawadi, upande wa bibi harusi ukiingia, kamera ilianza kushoto ikapita taratibu hadi kulia bila kukatwa, ikiwaonyesha mama wadogo, shangazi na mawifi mmoja mmoja wakiwa na makapu na madera ya sare. Kilele cha pili kilikuwa kwenye sebene, pale gitaa linapopamba moto na wimbo wa Kikongo unapoacha kuimbwa ukabaki wa kuchezwa. Wazee wawili waliokuwa wamekaa usiku kucha waliinuka na kuingia katikati.

Labda ni wimbo ndio uliorudiwa? Ni swali la haki, na jibu lilikuwa ndani ya data hiyohiyo. Wimbo wa zawadi ulipigwa zaidi ya dakika nne mfululizo. Kamera ilipokuwa kwa mama wadogo mstari ulikuwa juu. Iliporudi kwa maharusi waliosimama wakipokea, ulianguka, na wimbo ni uleule. Ilipogeukia kundi la pili, ukapanda tena. Kama watu wangekuwa wanarudia wimbo, mstari ungebaki juu muda wote.

Hesabu haikumwambia sababu, kwa hiyo alipiga simu kwa mama wa bibi harusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hujambo? Ile picha umetupigia nzuri."

"Nashukuru mama. Nilitaka kuuliza, ni pale wapi mnapopenda kupatazama?"

"Pale tunapoingia na zawadi. Mimi niko mbele na dada yangu, yule wa kitenge cha bluu. Sisi hatujacheza pamoja tangu mama yetu yuko hai. Nikifika pale narudisha, watoto wananicheka. Lakini mwanangu, wa mwisho umewakata! Mdogo wangu katoka Bukoba na basi usiku kucha, picha nzima haonekani. Anasema ataonyesha nini kwao?"

Maelezo hayo yanakaa sawasawa na karatasi ya Baraka. Katika sala, nasaha na keki, kamera hutazama meza kuu, na watu walewale wanne au sita huonekana kwa saa nzima. Ukoo umekaa gizani, migongo kwa kamera. Muziki ndio wakati pekee ambapo shangazi, dereva wa familia, mjukuu wa miaka minne na mjomba aliyegombana na watu huwa kwenye mwanga mmoja, nyuso zikiwa wazi. Ndugu wanaporudisha pale, kila mmoja anamtafuta mtu wake, na mara nyingi anajitafuta mwenyewe. Kucheza kunawaleta mbele ya kamera.

Mfano mkubwa zaidi wa jambo hili ulitokea mbali na hapa. Mwezi Julai 2009 video ya harusi moja ya Saint Paul, jimboni Minnesota, ilipandishwa YouTube na kutazamwa na mamilioni ya watu. Ndani yake wasimamizi na wapambe wote wanaingia kanisani wakicheza wimbo wa Chris Brown uitwao Forever, na maharusi wanakuja mwishoni kabisa. Kwa muda mrefu wa video ile, anayetazamwa ni rafiki na ndugu wa kawaida mwenye suti yake, kila mmoja na mtindo wake.

Video hiyohiyo inafundisha pia juu ya haki za muziki, ambazo humkwamisha mpiga video wa Dar mara nyingi. Wenye wimbo wangeweza kuifuta. Waliamua kuiacha na kuweka njia ya kuununua wimbo, nao wimbo, uliokuwa umetoka 2008, ukapanda tena kwenye orodha za mauzo. Uamuzi ulikuwa wao, na hadi leo ni wa mwenye wimbo. YouTube ina mfumo uitwao Content ID unaotambua nyimbo zilizosajiliwa, nao hukagua hata video iliyofichwa. Mwenye wimbo anaweza kuiruhusu video na kuchukua pato la matangazo, au kuizuia katika baadhi ya nchi au kila mahali. Kwa Baraka hili lina uzito wa pekee, maana sehemu yenye muziki ndiyo inayorudiwa. Linki ikizuiwa katika nchi aliko dada wa bwana harusi, yeye hatahesabika kabisa, na mchoro utaonekana kana kwamba ndugu wa nje hawakujali. Studio ina kitufe cha kuunyamazisha wimbo uliokamatwa, lakini sebene lisilo na sauti ni watu wanaotikisika bila sababu. Njia salama ni kuangalia safu ya Restrictions kabla ya kutuma linki, na kuweka nakala kamili kwenye fleshi.

Harusi iliyofuata, Baraka aliingia ukumbini na mpango mwingine.

Kwanza, kadi. Kamera yake ikirekodi kwa ubora wa 4K kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, saa moja hula gigabaiti 45. Kadi ya gigabaiti 128 haifiki saa tatu. Zamani aliwasha ubora huo tangu sala, na zawadi zilipoanza alikuwa anahangaika kubadilisha kadi huku mama wadogo wakipita. Sasa nasaha anazirekodi kwa ubora wa chini, megabiti 50, gigabaiti 22 na nusu kwa saa, na kadi mpya pamoja na betri iliyojaa vinasubiri zawadi.

Pili, mahali pa kusimama. Watu wanaoingia wakicheza hupigwa vizuri na mtu anayerudi nyuma mbele yao, lenzi pana ya milimita 24, kamera ikiwa usawa wa kifua. Ikiwa usawa wa kichwa, miguu inakatika; na mtu aliyejifunza kwaito wiki nzima anataka miguu yake ionekane. Kila kundi hupewa sekunde kumi au zaidi bila kukatwa, na kamera haigeuki mpaka wa mwisho kwenye mstari apite. Kamera ya pili husimama kwenye miguu yake pembeni mwa jukwaa, ikirekodi ukumbi mzima bila mtu, ili asiyenaswa huku anaswe kule.

Tatu, mwendo. Picha za kucheza hazipunguzwi kasi. Ukirekodi fremu 50 kwa sekunde na kuzionyesha kwa fremu 25, mchezaji anakwenda nusu ya kasi yake na wimbo unaendelea kwa kasi yake, miguu na ngoma vinaachana. Mbele ya singeli, ambayo mapigo yake hupita 200 kwa dakika, matokeo yake yanaudhi. Baraka anarekodi fremu 25 na shata ya 1/50, kwa sababu umeme wa Tanzania ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na shata isiyolingana nao huleta mistari myeusi inayotembea kwenye picha chini ya baadhi ya taa za ukumbi. Hilo halihitaji kusubiri nyumbani kuligundua: kabla wageni hawajaingia, elekeza kamera kwenye taa na tazama kioo. Mistari ikionekana, jaribu 1/100.

Kisha sauti, ambayo alikuwa akiikosea bila mtu kumlaumu. Waya kutoka kwenye mikisa ya dijei huleta wimbo safi, lakini kwenye waya huo hakuna vigelegele. Hakuna makofi, hakuna shangazi anayeita jina la bibi harusi kwa sauti ya juu. Ukiusikiliza peke yake, ukumbi unaonekana umejaa watu wanaocheza wakiwa kimya. Sasa anaweka maikrofoni ya pili karibu na mahali pa kuchezea na kuchanganya sauti zote mbili wakati wa kuhariri.

Alipokabidhi harusi hiyo ya pili aliweka na sura kwenye video, yaani orodha ya muda inayoandikwa kwenye maelezo ili mtazamaji aruke moja kwa moja. Sharti la YouTube ni kuanza na 0:00, kuwa na angalau sura tatu kwa mpangilio, na kila moja isipungue sekunde kumi:

```
0:00 Kuingia ukumbini
12:40 Keki na shampeni
48:15 Nasaha
1:21:30 Zawadi upande wa bibi harusi
1:34:05 Zawadi upande wa bwana harusi
1:46:50 Muziki
```

Sura hizi ni msaada kwa ndugu mwenye bando dogo, lakini zinamtega msomaji wa mchoro. Ukishampa mtu mlango wa "Muziki", ataupitia, na mstari utapanda hapo hata kama anachungulia tu. Kwa hiyo vilele vya harusi ya pili haviwezi kulinganishwa na vya ya kwanza moja kwa moja. Kinachofaa kulinganishwa ni ndani ya sura: baada ya kuingia, mstari unabaki juu, unashuka, au unapanda tena katikati? Halafu kuna suala la udogo wa hesabu. Mchoro hausemi nani ametazama. Mtoto mmoja anayependa kujiona akicheza anaweza kuinua kilele peke yake kwa kurudisha mara arobaini, ndiyo maana simu ile kwa mama ilikuwa na thamani kubwa kuliko nukta zote mia.

Kuna kucheza ambako hakupaswi kufika YouTube kabisa. Katika sherehe nyingi za wanawake wa Pwani na Visiwani, wachezaji wamevua mabaibui kwa sababu wako wenyewe kwa wenyewe. Video yenye alama ya Unlisted haitafutiki, lakini yeyote aliyepata linki anaweza kuipasisha kwa mwingine, na makundi ya familia yana watu wengi. Mpiga video mwenye adabu huuliza kabla, na anapoambiwa hapana, sehemu hiyo inabaki kwenye fleshi ya bibi harusi peke yake, hata kama mchoro ungependa kuwa nayo.

Wanaobaki nje ya mchoro ni wale wa fleshi. Mama mkubwa wa Bukoba hana simu janja. Amechomekewa fleshi kwenye televisheni ya sebuleni na amekaa na majirani saa mbili na nusu, pamoja na sala, pamoja na nasaha, akiwatambulisha watu mmoja mmoja. Utazamaji huo haumo kwenye asilimia yoyote. Kwa sababu hiyo Baraka hakuthubutu kuikata video kamili. Kwenye fleshi sasa anaweka mafaili mawili, sherehe nzima na muziki peke yake, na anapokutana na kamati kabla ya harusi ana ombi jipya: apewe orodha ya makundi ya zawadi, nani anaingia na nani, na mshereheshaji asiite kundi la pili kabla la kwanza halijamaliza kupita. Kamati nyingi hushangaa kwamba mpiga video anauliza majina ya shangazi kabla ya kuuliza rangi ya mapambo.